Mchanganuo wa broila 500 Dodoma: gharama kwa kuku, vifo, chakula na bei ya soko. Naomba mnikosoe kabla sijalipia vifaranga

Nzuguni_Kijana

Wakuu, habari za leo. Nina banda la mita 5 kwa 10 huku Nzuguni, nataka kuanza na broila 500 wa kuuzwa siku ya 35. Bei nimezikusanya mwenyewe kwa wauza vyakula na mawakala wa vifaranga hapa mjini. Mahesabu yangu ni haya:

Vifaranga 500 kwa 1,750 (pamoja na usafiri wa basi) = 875,000
Chakula kilo 3 kila kuku, mifuko 30 kwa wastani wa 74,000 = 2,220,000
Chanjo na dawa = 60,000
Maranda = 40,000
Mkaa = 60,000

Jumla 3,255,000. Nikigawa kwa 500 kila kuku ananigharimu 6,510. Bei ya jumla niliyoahidiwa ni 8,000 kwa kichwa, kwa hiyo nauza 4,000,000 na kubaki na 745,000. Kwa mwaka naweza kutoa bachi sita.

Stata mfuko wa kilo 50 ni 76,000 na finisha 73,000. Nimekosea wapi?

Bwana_Malisho

Mkuu, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kulipa. Kosa lako kubwa ni kwamba umegawa kwa 500. Kuku 500 ndio unaowanunua, ila hutauza 500. Gharama zote lazima zibebwe na wale watakaofika kwenye tenga la mnunuzi. Hilo moja tu linabadilisha picha yote.

La pili ni chakula. Kilo 3 zinakaribia, lakini hazitoshi. Broila akilelewa vizuri kwa hali zetu anakula takriban gramu 150 wiki ya kwanza, 370 ya pili, 630 ya tatu, 900 ya nne na 1,100 ya tano. Jumla ni kilo 3.15, na anafika kama kilo 1.8 akiwa hai. Wiki tatu za mwanzo ni stata, kilo 1.15 kwa kuku, yaani kilo 575, nunua mifuko 12. Wiki mbili za mwisho ni finisha kilo 2, mifuko 20. Stata 912,000, finisha 1,460,000, jumla 2,372,000.

Utaniuliza, mbona nimewahesabia chakula hata watakaokufa? Ni kweli waliokufa hawali, lakini kuna kinachomwagika chini, kinacholiwa na panya na kinachobaki kwenye mifuko. Kwa kundi la ukubwa huu vitu hivyo viwili karibu vinafutana, kwa hiyo acha mifuko 32 kama ilivyo.

Halafu kuna gharama ambazo hukuziandika kabisa. Nani anakaa na kuku usiku? Maji unapata wapi? Banda na vilishio vinachakaa kwa hela ya nani? Nijibu hayo nikuwekee hesabu kamili.

Nzuguni_Kijana

Asante kaka. Kijana wa bandani nitamlipa 150,000 kwa mwezi. Maji ni ya bomba, yakikatika nanunua. Banda lilinigharimu kama milioni 3, vyombo laki 6. Hivyo vya banda nilidhani havihesabiwi kwa sababu nimeshalipa.

Mama_Chotara_Kisasa

Mwanangu, achana na broila. Mimi nafuga chotara na jogoo wangu mmoja haondoki chini ya 16,000. Wewe unauza kwa 8,000 unapata nini? Chotara hata chakula cha kununua si lazima sana, wanakula majani na mabaki. Bei mara mbili, presha hakuna.

Bwana_Malisho

Mama, heshima yako. Lakini aliyeuliza ana banda la mita 50 za mraba na anataka hela irudi ndani ya wiki sita. Chotara wa 16,000 amekaa miezi minne au zaidi, na akiwa ndani ya banda bila eneo la kuzurura anakula kilo 8 na kuendelea. Pale pale jogoo mmoja anapokaa, broila wanapita bachi mbili na banda linapumzika katikati. Sisemi chotara ni wabaya, nasema bei ya kichwa haiwezi kulinganishwa bila siku na kilo za chakula.

Mkuu wa Nzuguni, banda ulilolipia linahesabiwa. Milioni 3 ukiigawa kwa miaka mitano ya bachi sita ni 100,000 kila bachi. Vyombo laki 6 kwa miaka mitatu ni kama 33,000. Usipoitenga hela hiyo, siku turubai zinapochanika na vinyweshio vinapopasuka utachukua hela ya chakula. Hesabu yako sasa inasomeka hivi:

Vifaranga 875,000
Chakula 2,372,000
Kusafirisha chakula, 1,000 kwa mfuko 32,000
Chanjo, vitamini na dawa 90,000
Mkaa gunia mbili 100,000
Maranda 40,000
Maji na umeme 45,000
Kijana wa bandani 150,000
Uchakavu wa banda na vyombo 133,000

Jumla 3,837,000.

Weka vifo asilimia 6, yaani 30, ubaki na 470 wa kuuza. Gawa: 8,164 kwa kuku. Bei uliyoahidiwa ni 8,000. Unauza 3,760,000 na umepungukiwa 77,000. Mbolea na mifuko mitupu vikikuingizia 66,000 bado umepungukiwa kidogo. Ile 745,000 haipo.

Nzuguni_Kijana

Duh. Sasa watu wanaishije na hii biashara?

Hesabu_Kali

Wengi wanaishi kwa kutohesabu mshahara wao. Toa kijana wa 150,000, kaa bandani mwenyewe, tayari una faida. Hata hivyo Bwana_Malisho, vifo asilimia 6 ni kidogo. Wataalamu wote wanasema weka asilimia 10 uwe salama. Halafu boksi la vifaranga huja na 102, hao wawili wa nyongeza si ndio wanafidia?

Bwana_Malisho

Hao wawili wa kila boksi ni fidia ya safari. Utawakuta wawili watatu wamelala chini ya boksi baada ya usiku mzima kutoka Dar, na wengine wamechoka kiasi kwamba hawatafika kesho yake. Nimeanzia 500 kwa kudhani nyongeza imeishia hapo. Ukiihesabu tena kama akiba umeihesabu mara mbili.

Kuhusu asilimia 10, tatizo langu na namba hiyo ni kwamba haikuambii kuku amekufa lini, na kwenye hela hilo ndilo lenye uzito. Angalia kifaranga na chakula tu, kwa bei za huyu ndugu. Akifa mwisho wa wiki ya kwanza amekula 228, kwa hiyo umepoteza kama 1,980. Mwisho wa wiki ya pili ni 2,540. Ya tatu, karibu 3,500. Ya nne, 4,810. Mwisho wa wiki ya tano ni 6,418. Broila mmoja anayekufa siku ya 33 amekula hela ya vifaranga zaidi ya watatu wa siku ya tatu, na hapo sijaweka mkaa wala mshahara.

Kwa hiyo posho ya vifo igawe kwa wiki. Katika 30 hao, nawapa 12 wiki ya kwanza, wanne kila wiki kwa wiki tatu zinazofuata, na sita wiki ya mwisho. Bandika karatasi mlangoni, kila asubuhi kijana aandike waliokufa. Wiki ya kwanza ikivuka 12, shida iko kwenye kulea au kwenye vifaranga wenyewe. Wiki ya tatu ikivuka wanne kwa siku mbili mfululizo, usingoje mwisho wa wiki, pasua mmoja au mpeleke kwa mtaalamu siku hiyo hiyo.

Hesabu_Kali

Hapo kwenye siku nimekubali. Ila bado nasema anayeanza asijidanganye na 6.

Bwana_Malisho

Anayeanza akipata 8 sitashangaa. Lakini akiandika 10 kwenye mpango, wakifa 45 atasema "si niliandika 10" na hatatafuta sababu.

Nzuguni_Kijana

Sasa hao 12 wa wiki ya kwanza nitajuaje kama kosa ni langu au la aliyeniuzia vifaranga? Nimesikia watu wakigombana sana na mawakala.

Daktari_Kuku_Dom

Naingia hapo. Chukua waliokufa siku ya nne au ya tano, wapasue tumbo. Ukikuta kiini cha yai bado kikubwa, kina rangi ya ajabu na kinanuka, na kitovu kimevimba au kibichi, hao wameambukizwa tangu kutotoleshwa au muda mfupi baadaye. Ukikuta kiini kimekwisha na gole ni tupu, kifaranga hakujua kula au alikuwa na baridi akashindwa kwenda kwenye chakula. Hilo ni la bandani kwako. Piga picha za aina zote mbili kabla ya kumpigia wakala.

Na usingoje wafe. Siku wanapofika, wape maji kwanza yenye glukosi kwa saa mbili hivi, kisha mwaga stata kwenye trei au magazeti. Usiku wa siku hiyo hiyo, yakipita masaa nane mpaka kumi tangu waanze kula, shika vifaranga 20 kutoka pembe tofauti na papasa gole. Angalau 16 wawe wamejaa na gole laini. Gole gumu maana yake wamekula hawajanywa. Gole tupu kwa wengi maana yake joto halitoshi au vilishio viko mbali.

Joto la mwanzo ni nyuzi 32 hadi 34 usawa wa mgongo wa kifaranga, kisha punguza kama nyuzi 3 kila wiki. Dodoma Juni na Julai usiku ni baridi na upepo, na banda nyingi zimejengwa kama za Dar, wavu pande zote. Gunia mbili za mkaa alizoweka Bwana_Malisho zinatosha miezi ya joto. Kwa Julai weka tatu, na turubai ifungwe upande upepo unakotoka, ila acha nafasi juu. Watu wanaziba banda zima wakiwa na jiko la mkaa ndani, asubuhi wanakuta vifaranga wamelala chali na wanasema ni ugonjwa. Ni hewa ya mkaa.

Hesabu_Kali

Daktari, na wale sita wa wiki ya tano? Hao ndio ghali.

Daktari_Kuku_Dom

Oktoba na Novemba, joto la mchana. Kuku mzito aliyeshiba saa sita mchana chini ya bati lisilo na dari anahema mpaka anaanguka, na mara nyingi wanaokufa ndio wakubwa kuliko wote. Nyanyua vilishio kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni kwenye siku zile kali, uwalishe alfajiri na usiku, maji yawepo muda wote na yawe ya baridi. Tangi jeusi lililoko juani linawapa maji ya moto, wanaacha kunywa kabisa.

La pili ni Gumboro na kideri vilivyopita kwa sababu chanjo iliharibika. Maji ya bomba yenye dawa ya klorini yanaua chanjo hai. Changanya maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita, subiri nusu saa ndipo uweke chanjo. Wanyime maji saa moja au mbili kabla ili wanywe yote haraka. Ratiba ya kawaida ni kideri siku ya 7, Gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21, lakini fuata ya aliyekuuzia vifaranga, kwa sababu baadhi hupewa chanjo tangu kiwandani.

Pumba_na_Mashudu

Ndugu zangu, mnazunguka sana. Asilimia zaidi ya 60 ya hela yote hapo ni chakula. Sisi tuko Dodoma, mahindi Kibaigwa hapo, mashudu ya alizeti kila kona, Singida wanajaza malori. Changanya mwenyewe, kilo inakuja 1,150 badala ya 1,480. Kuku anayekula kilo 3.15 unaokoa zaidi ya 1,000 kwa kichwa. Kwa kuku 470 hiyo ni karibu nusu milioni. Biashara imeshapona.

Bwana_Malisho

Nusu yake ni kweli. Chakula ndiyo gharama kubwa, na mahindi ya Kibaigwa kweli yako karibu. Kosa ni kudhani kuku atakula kilo zile zile na kukua vile vile.

Mashudu ya mashine zetu ndogo yana maganda mengi na mafuta yaliyobaki. Protini ipo, lakini ni maskini wa laisini, na broila asiye na laisini hajengi kifua. Ukivuka asilimia 10 hadi 15 kwenye finisha, nyuzinyuzi zinamshibisha kabla hajapata alichohitaji. Kwenye stata mimi nisingeweka kabisa. Bila soya iliyokaangwa vizuri, laisini, methionini na premiksi, chakula hicho ni cha kienyeji.

Twende kwenye hela. Cha dukani anakula kilo 1.75 kutengeneza kilo moja ya kuku. Cha kubahatisha mara nyingi anakula 2.2. Kufika kilo 1.8 atahitaji karibu kilo 4, kwa 1,150 ni 4,554. Cha dukani kilikuwa 4,668. Umeokoa 114, si 1,000, na atachelewa siku tano au zaidi, huku kijana akiendelea kulipwa.

Pumba_na_Mashudu

Hiyo 2.2 ni ya wasiojua kuchanganya. Mtu mwenye fomula nzuri anafika 1.9.

Bwana_Malisho

Akifika 1.9 atakuwa ameweka soya ya kutosha na viongeza vyote, na hapo kilo haitakuwa 1,150 tena. Nionyeshe fomula na bei za kila kitu, tupige hesabu hapa hapa.

Daktari_Kuku_Dom

Niongeze jambo la mahindi. Kanda hii tunaijua sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mahindi yanayokataliwa kwa unga wa watu ndiyo mara nyingi yanauzwa "ya kuku" kwa bei ya chini. Kuku hafi siku hiyo. Anakua taratibu, ini linakuwa la rangi iliyopauka, na chanjo haishiki vizuri, halafu tunalaumu chanjo. Ukilazimika kuchanganya, nunua mahindi makavu ya chakula cha watu, yasiyo na punje zilizobadilika rangi.

Mtama mweupe unaweza kuchukua sehemu ya mahindi, na huku upo. Ule mwekundu mchungu hapana, unazuia ukuaji. Kuku wa mtama atakuwa na ngozi nyeupe kidogo, kuna wateja wanaoitaka njano, waulize kwanza.

Dalali_Majengo

Nimesoma yote, naona hakuna aliyegusa kuuza. Huyu ndugu anasema 8,000 siku ya 35. Swali la kwanza: mnunuzi anachukua wangapi kwa siku? Wachuuzi wengi pale sokoni wanabeba 30, 50, labda 80. Kuku wako 470 hawatoki siku moja isipokuwa umefunga oda mapema.

Kila siku wanayobaki, kila mmoja anakula kama gramu 170. Kwa finisha ya 73,000 hiyo ni karibu shilingi 250 kwa kichwa. Kwa kuku 470 ni zaidi ya 116,000 kwa siku. Ukichukua wiki nzima kuwamaliza kidogo kidogo, ni kama laki 4 imeondoka. Na Dodoma kuku hai anauzwa kwa kichwa, kwa macho, hakuna mizani. Aliyefika kilo 2.3 utapata labda 500 zaidi, na mwenzake wa kilo 1.8 ni bei ile ile.

Jambo la pili, watu wa chipsi hawataki kuku mkubwa. Wanamkata vipande vinne au sita, wanahitaji aliyechinjwa awe kilo moja na kitu. Huyo anapatikana siku ya 32. Uza kwa 7,500 siku ya 32 badala ya 8,000 siku ya 35. Umepoteza 500 lakini umeokoa nusu kilo ya finisha, 730. Umefaidi 230 kwa kichwa na nafasi imepungua bandani, waliobaki wanapumua.

Hesabu_Kali

Hii ya siku ya 32 sikuwahi kuiona kwenye mchanganuo wowote. Lakini soko linabadilika, si kila mwezi utapata 7,500.

Dalali_Majengo

Kweli. Kwaresima inashuka. Chuo kikifunga, vijana wa chipsi wanapunguza oda, hasa upande wa UDOM. Bunge likikaa, hasa lile la bajeti la Aprili hadi Juni, migahawa inachukua vizuri. Krismasi kila mtu anajua, ndiyo maana Novemba vifaranga havipatikani na wakala anapandisha. Anayetaka kuuza katikati ya Aprili aingize vifaranga kabla ya tarehe 15 Machi, na aviwekee oda wiki kadhaa kabla ya hapo.

Nzuguni_Kijana

Wakuu nimerudi na mpango mpya. Kuna mama mwenye mgahawa atachukua 170 waliochinjwa kwa 9,500, siku ya 35. Wale 300 nawapa watu wa chipsi siku ya 32 kwa 7,500, nimeshaongea na watatu.

Gharama 3,837,000, natoa mifuko mitatu ya finisha 219,000, inabaki 3,618,000. Kwa kuku 470 ni kama 7,700 kila mmoja. Mauzo: 300 kwa 7,500 ni 2,250,000. 170 kwa 9,500 ni 1,615,000, natoa 500 ya kuchinja na kunyonyoa kila mmoja, 85,000. Mbolea na mifuko 66,000. Jumla 3,846,000. Faida 228,000, na kijana ameshalipwa.

Bwana_Malisho

Sasa huo ni mpango. Ijaribu kwa kuipiga. Bei ikishuka 500 kwa kuku wote, 235,000 imeondoka na faida imekwisha. Finisha na stata zikipanda 3,000 kwa mfuko, kwa mifuko 29 ni 87,000. Ukipoteza 20 zaidi wiki ya tano, ni kama laki 1 na 90 ya mauzo kwa sababu wiki hiyo waliobaki ni wale wa mgahawa. Kimoja kati ya hivyo unavumilia. Viwili kwa pamoja, hapana.

Kwa hiyo usiingie ukiwa na 3,618,000 kamili mkononi. Nunua finisha yote kabla ya siku ya 18, maana wafugaji wengi huishiwa hela hapo na kuanza kuchanganya pumba kwenye wiki ambayo kuku anatakiwa kujaza kifua. Chakula kihifadhi juu ya mbao, mbali na ukuta.

Pumba_na_Mashudu

Mimi bado nasema bila kuchanganya chakula 228,000 kwa wiki sita ni kazi ya bure. Nitaleta fomula.

Bwana_Malisho

Ilete, pamoja na bei ya soya.

Mama_Chotara_Kisasa

Na mimi bado nipo na majogoo yangu. Ila huyo mama wa mgahawa analipa lini?

Nzuguni_Kijana

Amesema mwisho wa mwezi, mama.

Dalali_Majengo

Hapo simama kwanza. Hiyo ni 1,615,000 iliyolala nje. Vifaranga na stata za bachi ya pili ni 1,787,000. Hela ya chipsi, 2,250,000, itavinunua, lakini itakubakiza na kama 460,000, na finisha ni 1,241,000 hata ukipunguza hiyo mifuko mitatu. Akichelewa wiki mbili tu baada ya mwisho wa mwezi, unamlisha nani nini? Mwombe nusu siku unapopeleka kuku. Akikataa, mpe 60 na hao wengine 110 wauze hai kwa 8,000 taslimu.

Hesabu_Kali

Hao 110 wakiuzwa hai, faida inashuka kwa 110,000, maana 9,500 kutoa 500 ya kuchinja ni 9,000. Anabaki na 118,000. Taslimu, lakini 118,000.

Nzuguni_Kijana

Kesho naenda kuzungumza naye kuhusu hiyo nusu. Vifaranga sijalipia bado.